Sadini nimezifungua Jumamosi zikabaki kwenye kopo lake ndani ya friji, leo Jumanne, nile au nitupe?

Kijiko Kirefu:
Wakuu habari za jioni. Nina kopo la sadini za tomato sosi nimelifungua Jumamosi usiku mida ya saa 2, mle ndani walikuwa samaki watano hivi, nikala wawili na mkate, simu ikaita, nikakaa na hiyo simu weee, nakuja kukumbuka kopo lipo mezani ni saa 5. Nikafunika na foili nikabana pembeni nikasukuma kwenye friji. Leo nimerudi na njaa zangu nikalivuta, nakuta foili ina matundu, madogo madogo kama mtu kapita na sindano, na pale foili ilipogusana na sosi pana rangi ya kijivu kama majivu. Nimenusa, hazinuki vibaya, zinanuka sadini tu. Sasa maswali yangu mawili: samaki wa kopo akishafunguliwa akabaki kwenye kopo lake anakaa siku ngapi kwenye friji? Na hayo matundu ni nini, kuna mdudu anakula foili au?

Njaa Haina Baunsa:
Kula mkuu, siku 3 kitu gani, friji si ndo kazi yake hiyo

Shangazi wa Zamu:
Tupa!! Kopo likishafunguliwa linageuka sumu, hilo tumeambiwa toka tukiwa wadogo, chakula cha kopo hakilali kwenye kopo hata usiku mmoja. Na hiyo foili kutoboka ndo ushahidi wenyewe, kama imekula foili itaacha utumbo wako?

Mzee wa Kunusa:
Mimi nakula hadi wiki nzima na sijawahi kuharisha. Pua ndo kipimo, Mungu hakukosea kuiweka juu ya mdomo. Ukinusa ikakukubali kula, ikikataa mpe paka.

Bwana Stoo:
Mimi naona mnatishana bure. Nina makopo ya tuna kwenye kabati yana miaka 2 sasa na juzi nimefungua moja limepita tarehe miezi kadhaa nikala freshi kabisa. Samaki wa kopo haozi ndugu, kapikwa akafungiwa humo, ndo maana wanajeshi wanabeba.

Kijiko Kirefu:
@Bwana Stoo mkuu hilo lako lilikuwa limefungwa, langu liko wazi toka Jumamosi, ni vitu viwili hivyo

Bwana Stoo:
Aah nilisoma haraka. Lakini si samaki ni yuleyule?

Mkaguzi Mstaafu:
Samaki ni yuleyule ila hali si ileile. Nimekaa miaka 9 kwenye kiwanda cha kusindika samaki upande wa kukagua ubora, ngoja nieleze kidogo maana hapa watu wamechanganya mambo mawili na kila mmoja anamjibu mwenzake asiyemuuliza hilo.

Kopo likiwa limefungwa halina bakteria wa kuozesha kwa sababu samaki anafungiwa kwanza ndo anapikwa, anapikiwa humohumo ndani kwenye mvuke wa presha unaopita nyuzi 110. Hakuna chumvi ya ajabu wala dawa inayomlinda, kinachomlinda ni kwamba vijidudu vilikufa na vingine haviwezi kuingia. Basi. Ukivuta kile kipete cha kufungulia, ulinzi wote umeisha pale pale, unabaki na samaki aliyepikwa kama yeyote uliyempika mwenyewe jikoni, laini, mwenye majimaji, asiye na kitu cha kumtetea. Tarehe iliyogongwa kwenye kopo nayo imekufa siku hiyo, usiitazame tena. Ile miaka 2 ya Bwana Stoo inahesabiwa kwa kopo zima, ukishafungua unahesabu siku.

Siku ngapi? Wakaguzi wa chakula wa Marekani wanasema 3 hadi 4 kwa samaki na nyama za kopo, kwenye friji yenye nyuzi 4 kushuka chini. Lebo ya kopo lako ikisema 2 fuata lebo. Mimi nyumbani kwangu ni 2, ya tatu nikiwa na uhakika nilivyolifungua.

Sasa mleta uzi, tatizo lako sio Jumapili wala Jumatatu. Tatizo lako ni ile simu.

Kijiko Kirefu:
Simu tena?? 😂

Mkaguzi Mstaafu:
Ndiyo simu. Umefungua saa 2, umerudisha saa 5, hayo ni masaa 3 mezani. Kanuni ni masaa 2, na kama chumba kina joto la kupita nyuzi 32 basi ni saa 1 tu. Na nikuulize, ulikula kwa kutoa kwenye sahani au ulichovya uma humohumo kwenye kopo?

Kijiko Kirefu:
Humohumo. Uma mmoja, na mkate nilichovya pia, siwezi kudanganya

Mkaguzi Mstaafu:
Basi umeona. Uma umetoka mdomoni umeingia kwenye sosi, mkate umeshikwa na mkono umeingia kwenye sosi, halafu sosi imekaa masaa 3 kwenye joto la sebuleni. Hapo umepanda mbegu na ukazimwagilia, friji imekuja baadaye. Na friji haiui, inapunguza mwendo tu. Kopo la mtu aliyefungua, akatoa nusu kwa kijiko safi, akarudisha nusu nyingine ndani ya dakika 10, siku ya tatu halifanani hata kidogo na lako la siku ya tatu. Ndo maana mtu akiniuliza siku ngapi huwa nauliza kwanza lilipitia wapi.

Mzee wa Kunusa:
Kaka mkaguzi unaongea vizuri ila mimi wiki nzima nakula na nipo hapa naandika. Pua yangu ingeniambia.

Mkaguzi Mstaafu:
Mi ni mama, si kaka, ila haina shida 😄

Pua, mzee wangu, inakuambia kitu kimoja tu, kwamba samaki anaoza. Samaki wa kwenye friji ni baridi, na kitu cha baridi kinatoa harufu kidogo, halafu sadini yenyewe tayari ina harufu kali, na sosi juu yake. Unanusa nini hapo? Lakini kubwa zaidi ni kwamba vinavyoumiza mara nyingi havinuki kabisa. Wapo bakteria wanaokaa kwenye ngozi na puani kwa watu, mikono inawapeleka kwenye chakula, wakikuta joto wanatema sumu isiyo na harufu wala ladha. Na kwa samaki wa jamii ya jodari, vibua na sadini kuna jambo jingine linaitwa histamini. Nyama yao ina kitu ambacho bakteria fulani wakikifanyia kazi kwenye joto kinageuka histamini, na hiyo nayo haina harufu, wengine wanasema wanahisi ulimi unawasha kama pilipili na wengine hawahisi chochote mpaka uso umekuwa mwekundu.

mama Wawili:
Ngoja ngoja, uso mwekundu?? Mi mwaka jana nilitengeneza saladi ya tuna ya kopo na mayonezi kwa ajili ya kikao cha ofisini, nikaitengeneza asubuhi tukaila saa 8 mchana, haikuwa kwenye friji. Nusu saa tu uso ukanipanda moto, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, shingoni madoadoa. Zahanati wakaniambia ni aleji ya samaki, tangu hapo sili samaki. Lakini kabla ya hapo nimekula samaki maisha yangu yote! Na mwenzangu mmoja naye alilalamika kichwa.

Mkaguzi Mstaafu:
Dada mimi si daktari na siwezi kukupima humu mtandaoni, ila hiyo hadithi inafanana na histamini kuliko unavyodhani. Inaanza haraka, dakika kadhaa mpaka saa moja au mbili, na huwa inaisha ndani ya siku moja. Inachanganywa na aleji kwa sababu hata kwenye aleji mwili wenyewe ndo unamwaga histamini, dalili zinakuwa zilezile na dawa za aleji zinasaidia kote kote. Tofauti ni kwamba hii inatoka kwenye chakula, kwa hiyo inaweza kumpata yeyote aliyekula bakuli lile, na yule mwenzako wa kichwa ndo amenifanya niwaze hivyo. Rudi kwa daktari umwambie saladi ilikaa masaa mangapi nje na kwamba mliumwa wawili, akupime aleji kweli. Usianze kula samaki kwa maneno yangu, maana kama ni aleji ya kweli mara ya pili inaweza kubana pumzi.

mama Wawili:
Kha. Mwaka mzima nakataa samaki. Nitaenda.

Njaa Haina Baunsa:
Sasa si achemshe tu? Akizirudisha jikoni zikachemka dakika 10 hao bakteria wote kwisha, mnafanya maisha magumu

Mkaguzi Mstaafu:
Bakteria wanakufa, ni kweli. Walichokwisha kukitema hakifi. Ile sumu ya bakteria wa mikononi inastahimili kuchemshwa, na histamini ndo kabisa, hata kiwandani kama samaki ameingia akiwa nayo tunampika kwenye presha na inabaki vilevile, ndo maana tulikuwa tunampima kabla hajaingia kwenye kopo. Kuchemsha samaki wa kopo aliyelala vizuri kwenye friji ni sawa, kuchemsha ili kumwokoa aliyelala vibaya ni kujidanganya.

Kijiko Kirefu:
Sawa, nimeelewa hilo. Na foili je?

Shangazi wa Zamu:
Ndo nasubiri hapo pa foili 👀

Mkaguzi Mstaafu:
Foili ni habari tamu. Mleta uzi nijibu, foili ilikuwa imegusa sosi? Na ilikuwa imebanwa kwenye ukingo wa kopo, ule uliobaki mkali baada ya kuvuta mfuniko?

Kijiko Kirefu:
Yote mawili ndiyo. Kopo lilikuwa limejaa sosi mpaka juu, nikabonyeza foili ikalala juu yake. Na matundu yako pale ilipolala tu, pembeni palipo pakavu foili ni nzima

Mkaguzi Mstaafu:
Hapo umetengeneza betri. Kopo ni chuma, foili ni alumini, katikati kuna sosi yenye chumvi na uchachu. Metali mbili tofauti zikigusana na zote zimelowa majimaji ya chumvi, ile dhaifu inaliwa, na hapo dhaifu ni alumini. Ndani ya kopo pamepakwa rangi ya kukinga, ile ya dhahabu au nyeupe unayoiona, kwa hiyo chuma hakigusi sosi. Lakini ukingo ulipokatika rangi nayo imekatika, chuma kiko uchi, na ndipo ulipoibana foili. Matundu ni alumini iliyoyeyuka na kile kijivu ni mabaki yake juu ya sosi. Hakuna mdudu, na wala sio sosi kuwa imegeuka sumu.

Ukitaka kujihakikishia, chukua sosi ya nyanya yenye chumvi, weka nusu kwenye bakuli la glasi na nusu kwenye kopo, funika zote na foili iguse sosi, weka friji siku 2 au 3. Ya kwenye glasi itabaki nzima au karibu nzima, ya kwenye kopo itatoboka. Sosi ni ileile, kilichobadilika ni chombo.

Shangazi wa Zamu:
Kwa hiyo kopo sio sumu? Maana hapa mnanivunjia heshima ya mama yangu sasa

Mkaguzi Mstaafu:
Mama yako alikuwa sahihi kwa makopo ya wakati wake. Makopo ya zamani yalikuwa na mshono ubavuni, na mshono ule uliunganishwa kwa risasi, ile metali ya sumu. Kopo likiwa wazi, hewa na uchachu vinaingia, risasi inatoka kwa kasi zaidi. Ndo chanzo cha ule usia wa kuhamisha. Marekani waliyapiga marufuku makopo ya namna hiyo mwaka 1995 na viwanda vingi vilikuwa vimeshaacha. Kalishike kopo la sadini sasa hivi, lile bapa, upitishe kidole ubavuni, hutakuta mshono wowote, limefinyangwa kwa kugandamizwa kutoka bamba moja na lina mfuniko tu juu. Risasi haina pa kukaa.

Kalamu Butu:
Mama mkaguzi samahani, hapo sikubaliani moja kwa moja. Nimepitia sasa hivi, Wamarekani wanasema kuacha kwenye kopo ni salama ila ladha inakuwa bora ukihamisha. Lakini huduma ya afya ya Uingereza wao wanasema usiweke kopo lililofunguliwa kwenye friji kabisa, metali inaweza kuhamia kwenye chakula, hamishia chombo kingine. Sasa hao wawili mmoja lazima anakosea.

Mkaguzi Mstaafu:
Si lazima. Mmarekani anakujibu kama utaumwa na vijidudu, na kwa hilo kopo na bakuli ni sawa. Mwingereza anatoa kanuni moja ya makopo yote, na yapo makopo ambayo ndani hayana rangi, hasa ya matunda kama nanasi, chuma kimepakwa bati tu na bati ndo linagusa chakula. Likifunguliwa hewa ikaingia bati linaanza kuyeyuka haraka, ladha inakuwa ya metali na likizidi linaumiza tumbo. Kopo la samaki karibu siku zote lina rangi ndani, kwa sababu nyama ya samaki inatoa salfa wakati wa kupikwa na bila rangi kopo lingekuwa jeusi ndani. Kwa hiyo kwa samaki hofu ya metali ni ndogo. Ndogo, sisemi haipo, maana watu wanakwangua kopo kwa uma mpaka rangi inachubuka.

Kalamu Butu:
Mi bado nasimama na Mwingereza. Kama kuhamisha kunachukua dakika 1, kwa nini nibishane na rangi ambayo siwezi kuiona kama imechubuka?

Mkaguzi Mstaafu:
Na mimi nahamisha, hatugombani. Sababu yangu tu ndo tofauti na yako. Kopo lililofunguliwa halina mfuniko, na samaki asiye na mfuniko anadondokewa na maji ya nyama iliyo rafu ya juu, anakauka, na friji nzima inanuka. Bakuli la glasi lenye mfuniko linaondoa yote hayo kwa mpigo. Na ukihamisha unatumia kijiko safi, unaandika tarehe juu, hulichovyi uma. Nusu ya faida ya kuhamisha ni kwamba unaacha kula humohumo.

Mpenda Mafuta:
Mbona wote mnazungumzia ya nyanya? Mimi natumia za kwenye mafuta na siri yangu ni kuhakikisha samaki wamezama chini ya mafuta, hewa haifiki, zinakaa hata siku 10. Mababu walihifadhi vitu kwenye mafuta bila friji.

Mkaguzi Mstaafu:
Nusu uko sawa. Mafuta yanazuia samaki asikauke na asichachuke ladha kwa sababu ya hewa, ladha yako ya siku ya tatu itakuwa nzuri kuliko ya aliye kwenye maji. Lakini bakteria haishi kwenye mafuta, anaishi kwenye maji, na maji yamo ndani ya nyama na chini ya kopo, imimine uone. Na wako wasiohitaji hewa, tena wanafurahi ukiwaziba. Vitu vilivyohifadhiwa kwenye mafuta kwa muda mrefu vilikaushwa au kutiwa chumvi nyingi kwanza. Kwa hiyo hesabu ni ileile, siku 3 na isizidi 4, mafuta au maji. Na sosi ya nyanya vilevile isikudanganye, uchachu wake samaki anaupooza.

Mpenda Mafuta:
Sawa lakini niulize lingine basi, zangu zikilala kwenye friji zinaota vitu vyeupe juu, mabonge mabonge. Mke wangu huwa anatupa akisema ukungu. Mi nakula.

Mkaguzi Mstaafu:
Kama ni ya mafuta ya zeituni mara nyingi ni mafuta yameganda tu kwa baridi. Chota kidogo weka kwenye kijiko kisafi uache mezani dakika 15, mafuta yatayeyuka yawe angavu, ukungu hautayeyuka, utabaki na manyoya yake. Ila kama ni siku ya 10, mke wako ametupa kwa sababu isiyo sahihi lakini uamuzi ni sahihi 😄

Fundi Baridi:
Niingilie kidogo maana kazi yangu ni friji. Mama anasema nyuzi 4 na watu wote mnaitikia, nani humu ameshawahi kupima friji yake? Ninaowatembelea wengi wananiambia "ipo kwenye 4 fundi" halafu wananionesha kile kitasa. Ile namba kwenye kitasa sio nyuzi! 1 ni baridi kidogo na namba ya juu ndo baridi kali. Mtu ana friji ya nyuzi 9 anahesabu siku za friji ya nyuzi 4. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, weka rafu ya katikati kwa nyuma, lala, asubuhi soma kabla hujafungua fungua mlango. Na kopo la samaki msiweke mlangoni, pale ndo pana joto kuliko kote kwa sababu kila ukifungua panapigwa na hewa ya nje. Kama umeme umekatika na friji imekaa zaidi ya masaa 4, samaki aliyefunguliwa ndo wa kwanza kutupwa, asigandishwe tena umeme ukirudi mkajifanya hamkuona.

Kijiko Kirefu:
Fundi, kopo langu nililiweka mlangoni 🙈 pembeni ya maji

Fundi Baridi:
Hahaha na wewe kila kitu umefanya

Msomaji Kimya:
Samahani mimi ni mjamzito miezi 5, nina tuna nimehamishia kwenye kontena jana asubuhi, kijiko kisafi, friji nzuri, naweza kula kesho? Nitakuwa ndani ya siku 3.

Mkaguzi Mstaafu:
Mama mtarajiwa, wewe kula leo au mpe mtu mwingine kesho. Yuko bakteria mmoja anaitwa listeria ambaye kwa bahati mbaya friji haimzuii, anaendelea kukua taratibu hata kwenye nyuzi 4. Mtu mzima mwenye afya anaweza asijue hata kama amempitia, lakini kwa mjamzito anaweza kumfikia mtoto tumboni. Tuna iliyotoka kwenye kopo muda huohuo haina shida hiyo, nunua makopo madogo ule ukamalize. Wazee sana na wenye kinga dhaifu hivyohivyo.

Msomaji Kimya:
Nakula leo. Asante sana mama

Njaa Haina Baunsa:
Na kugandisha je, kule juu? Mi nanunua makopo makubwa yale ya bei ya jumla

Mkaguzi Mstaafu:
Inawezekana ila utoe kwenye kopo, maana majimaji yakiganda yanatanuka na kopo wazi si chombo cha kugandishia. Gawa kwenye mifuko au vibakuli vya mlo mmoja mmoja siku uliyofungua, usisubiri siku ya tatu ndo ukumbuke friza, friza inasimamisha saa haiirudishi nyuma. Ndani ya miezi 2 hivi ule, ukiyeyushia kwenye friji sio mezani. Nyama itakuwa inavunjikavunjika, kwa sosi na kwa kuchanganya na mayai inafaa, kwa kula vipande vizima utanilaumu.

Mzee wa Kunusa:
Bado mi naona mnaongezea chumvi. Wiki nzima. Miaka 20.

Kalamu Butu:
Mzee unakulaje wiki nzima, kopo moja?

Mzee wa Kunusa:
Hapana, kopo nalimaliza siku mbili hivi. Nasema huwa nakula samaki wa kopo wiki nzima.

Shangazi wa Zamu:
JAMANI 😂😂😂 tumebishana na huyu mzee uzi mzima

Kijiko Kirefu:
Mrejesho wakuu. Sadini nimezitupa, nimeumia maana walibaki watatu tena wanene. Foili nimeinyanyua kwenye taa, ina matundu 14 na yote yako kwenye ile duara iliyogusa sosi kama mama alivyosema. Nimeazima kipimajoto nikaweka kwenye glasi, usiku kucha rafu ya katikati imesoma nyuzi 7, nikahamishia mlangoni mchana ikasoma 11. Nimesogeza kitasa kutoka 2 kwenda 4, napima tena kesho asubuhi.

Fundi Baridi:
Na uangalie ule mpira wa mlango, bana karatasi katikati ufunge mlango uivute. Ikitoka kirahisi, kitasa hakitakusaidia.

Kijiko Kirefu:
Imetoka yenyewe fundi. Sijavuta hata